Mama Vibanda na Wasikilizaji Sifuri

Wifi yangu simpendi kila siku, nasema ukweli wangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na tangu nilipoingia kwenye ukoo wao amekuwa akinipanga kama anavyopanga ukumbi: wewe kaa hapa, wewe usizibe njia, wewe unaelewa lugha gani. Hilo la mwisho msidhani natia chumvi. Siku ya arusi ya mdogo wao wa mwisho alisimama mlangoni akawahoji mashangazi wa upande wa bibi arusi, mmoja baada ya mwingine, ni lugha gani inawaingia vizuri. Kisha akawagawia viti, asiyeelewa ubavuni mwa anayeelewa. Mashangazi walinuna mpaka keki ikakatwa. Lakini hotuba zilipoanza, kila mmoja alicheka pale pa kuchekea, na bwana arusi akapata makofi ambayo hakuyastahili.

Ndiyo kazi yake hiyo. Ni mratibu wa wakalimani, na watu wa kumbi zote wanamwita Mama Vibanda, kwa sababu ya vile vibanda vya vioo vinavyosimamishwa nyuma ya ukumbi. Kila kibanda kina lugha yake na wakalimani wawili, wanaopokezana kila baada ya nusu saa kwa sababu akili ya mtu huchoka haraka kuliko mdomo. Wifi ndiye anayewatafuta, anayewapigia simu, anayegombana na waandaaji kwa ajili yao mpaka hotuba zitumwe mapema, na anayewawekea maji na pipi za koo. Mimi nakaa meza ya mlangoni. Nachukua kitambulisho cha mtu, nampa hedifoni na kiboksi chake chenye kigurudumu cha chaneli: moja Kiswahili, mbili Kifaransa, tatu Kiingereza. Jioni nampa kitambulisho chake, ananipa mali yangu. Kazi hii alinipa yeye, na haipiti wiki bila kunikumbusha.

Sasa basi, tulipewa mkutano wa siku mbili wa vyama vya wafanyabiashara wa masoko. Soko la zamani lilikuwa limebomolewa, soko jipya limejengwa, na nchi jirani zilikuwa na wafanyabiashara wao mle. Siku ya kwanza hotuba za wakubwa, siku ya pili wajumbe wajadiliane na kupitisha kanuni za kugawa nafasi sokoni. Aliyeandaa alikuwa Mkurugenzi mmoja ambaye sisi wa meza ya mlangoni tulimwita Bwana Takwimu. Mtu huyu ukimwamkia anakuuliza ni asilimia ngapi ya wafanyakazi walioamkia.

Bwana Takwimu alikuwa ametengeneza fomu ya kujiandikisha, na ndani ya fomu kuna swali: utasikiliza mkutano kwa lugha gani? Jamani, mpe mtu mwenye tai fomu yenye swali kama hilo uone. Karibu wote waliweka alama kwenye Kiingereza. Muuza vitunguu Kiingereza, muuza mitumba Kiingereza, mwenyekiti wa wachuuzi wa samaki, ambaye hata "good morning" humtoa jasho, naye Kiingereza. Mkurugenzi aliweka alama kwenye Kiingereza na Kifaransa, zote mbili, akapigia mstari chini.

"Unaona?" alimwambia Wifi ofisini kwake, mimi nikiwa nimebeba mikoba kama kawaida. "Kibanda cha Kiswahili hakina kazi. Takwimu zimesema."

"Bosi, takwimu zimejisifu," Wifi akasema. "Mimi nimewapigia simu makatibu wa vyama. Kibanda cha Kiswahili ndicho kitakachobeba mkutano."

Mkurugenzi alikubali shingo upande. Kisha wakafika kwenye lugha ya ishara, na hapo ndipo nilipoanza kumchukia rasmi. Chama cha wafanyabiashara viziwi kilikuwa kinaleta wajumbe wanne. Wifi akamwambia anahitaji wakalimani wawili wa lugha ya ishara.

"Wawili wa nini?" Mkurugenzi akauliza. "Kwani mmoja hana mikono miwili?"

Akacheka mwenyewe. Sisi hatukucheka. Wifi akamweleza taratibu, kwa ile sauti anayotumia kumwambia mume wangu jinsi ya kukunja nguo: mkalimani wa ishara anapokezana na mwenzake kila baada ya dakika ishirini hivi, la sivyo mikono inalegea na akili inaruka maneno. Hawakai kibandani, wanasimama mbele karibu na jukwaa, kwenye mwanga, wamevaa nguo nyeusi isiyo na maua ili mikono ionekane. Wajumbe wao wanakaa safu ya mbele, na kati yao na mkalimani kusiwe na kitu. Mkurugenzi akaandika, akaitikia, na siku ya mkutano akaweka hapo kati chungu cha maua chenye urefu wa mtoto wa darasa la tano. Wifi alikibeba mwenyewe mpaka nje, amevaa viatu vya kisigino.

Katika wale wajumbe wanne mmoja nilimjua, maana ndiye aliyenishonea gauni la ile arusi ya mashangazi. Namwita Fundi, kwa kuwa jina lake la kweli kwao ni la ishara: kidole kinagusa shavu mahali penye kishimo. Soko la zamani lilipobomolewa Fundi alibaki anashonea kibarazani kwake, mvua ikinyesha anaingiza cherehani ndani, jua likitoka anaitoa. Wateja wengi walikuwa hawamfuati huko. Alikuwa na wanawe wawili shuleni na cherehani moja, na nafasi kwenye soko jipya ndiyo iliyokuwa tegemeo lake lote.

Tatizo lilikuwa kanuni ya kugawa. Mkurugenzi alikuwa ameiandika mwenyewe: siku ya kugawa, majina yatatangazwa kwa vipaza sauti, na asiyeitika papo hapo nafasi yake anapewa anayefuata. Vipaza sauti vyenyewe, kwa taarifa yenu, vingekodiwa kwa shemeji yake. Fundi alishaonja utamu wa utaratibu huo siku ya uhakiki wa wafanyabiashara. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, jina lake likaitwa, likaitwa tena, kisha likafutwa, naye amekaa palepale anawatazama watu wakiingia na kutoka. Alinieleza kisa hicho kwa kuniandikia kwenye simu, na mwisho akaandika: nikikosa na hii, nauza cherehani. Nilimwonyesha Wifi. Alisoma, akairudisha simu, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu kuliko haja.

Siku ya kwanza ikaja. Karibu kila hotuba ilikuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ilikuwa siku ya wakubwa, na mkubwa wao wote alikuwa Mgeni Rasmi, mzee mpole mwenye nywele nyeupe ambaye shirika lake ndilo lililotoa paa la soko. Alikuja na wasaidizi watatu. Huyu ndiye angeongoza kikao cha siku ya pili, na kanuni isingepita bila yeye kuikubali. Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji, na alisema hivyo waziwazi, jambo lililomfanya awe mtu pekee mwenye tai aliyesema ukweli siku ile.

Na wale wa Kiingereza kwenye fomu? Loo! Walijipanga kwenye meza yangu mpaka nje. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema anachukua hedifoni kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi masikioni. Mwingine anataka kukagua kama mkalimani anakosea. Mwenyekiti wa wachuuzi wa samaki, Mungu amweke, alisema tu, "Dada, nipe, mimi mwenzenu siambulii kitu." Mkurugenzi alichukua ya kwake akiwa anaangalia pembeni, akasema ni ya kujaribu mitambo. Aliijaribu mpaka jioni.

Jioni tukahesabu. Jinsi tunavyohesabu ni rahisi: mtu akirudisha kiboksi, kigurudumu kinabaki kwenye chaneli aliyokuwa akisikiliza. Mimi nasoma, Wifi anaandika. Si hesabu ya kuapia, maana kuna mtu anachezea kigurudumu kama rozari, lakini inatoa picha. Kiswahili zaidi ya mia mbili. Kifaransa thelathini na kitu. Kiingereza nne, yaani Mgeni Rasmi na wasaidizi wake, walioweka hedifoni pale tu mjumbe mmoja wa Kifaransa alipotoa shukrani. Kiboksi cha Mkurugenzi kilikuwa kwenye moja. Nilimwonyesha Wifi, akanipiga kofi mkononi, akaniambia niache umbea, lakini meno yalikuwa nje.

Mkurugenzi akataka takwimu zake. Wifi akampa, na akamwambia kabisa, kabla hajaulizwa, kwamba hizi ni hedifoni tu. Anayemwelewa msemaji moja kwa moja hachukui hedifoni, na kiziwi hachukui hedifoni. Bwana Takwimu hakusikia. Alikuwa ameshaziona namba, na mtu yule akiona namba masikio yanajifunga.

"Kiingereza wanne tu!" akasema, uso umemng'aa. "Safi sana! Maana yake wajumbe wetu wote wanajua Kiingereza. Hawahitaji mkalimani."

Nilimtazama Wifi. Wifi alinitazama mimi. Kuna ujinga ambao ukiusikia unahisi umesimama ukingoni mwa shimo.

"Bosi," Wifi akaanza, "kibanda cha Kiingereza ni cha kuwageuzia Kiingereza wale wasiojua lugha nyingine. Leo wasemaji walikuwa wanaongea Kiingereza chenyewe, ndiyo maana kilikuwa hakina kazi. Kesho wajumbe wataongea Kiswahili na Kifaransa, na Mgeni Rasmi..."

"Takwimu ni takwimu," akamkata. "Na hii lugha ya ishara, wasikilizaji wangapi?"

"Hawasikilizi, bosi. Wanatazama. Wako wanne, wamekaa mbele yako mchana kutwa."

"Nimeuliza hedifoni ngapi."

"Hakuna."

"Sifuri," akasema, akaandika. Aliandika sifuri nzuri, ya mviringo, akaitazama. "Watu wawili wanalipwa kurusha mikono kwa wasikilizaji sifuri. Huu ndio ubadhirifu ninaoupiga vita. Kesho nataka vibanda vyote vyenye wasikilizaji chini ya kumi vifungwe."

Wifi akamwambia wakalimani wakiachishwa usiku wa kuamkia kazi wanalipwa vilevile, mkataba ndivyo ulivyo, kwa hiyo hataokoa hata senti. Akajibu kwamba suala si senti, suala ni nidhamu ya takwimu. Wallahi ndivyo alivyosema.

"Basi naomba kwa maandishi," Wifi akasema.

Kumwambia mtu kama yule aandike ni kumpa mtoto pipi. Akachukua karatasi yenye nembo, akaandika kwa mkono, akapiga muhuri: vibanda vyote vyenye hedifoni chini ya kumi vifungwe siku ya pili. Wifi akaisoma mara mbili, akaikunja, akamshukuru. Nilimshangaa. Njiani nikamwambia, "Wifi, umekubali tu hivihivi? Fundi itakuwaje?"

"Nimekubali nini? Amesema vibanda. Mwalimu na mwenzake wana kibanda?"

Mwalimu ni yule mkalimani wa ishara mkubwa wao, anafundisha shule ya viziwi. Nilifikiri kidogo. Hawakuwa na kibanda. Walikuwa na kijukwaa cha mbao na taa.

"Na Kiingereza?"

"Kina kibanda," Wifi akasema. "Nilimwambia, akanikata. Nitamwambia tena asubuhi. Asiponisikia, amri ni amri."

Asubuhi alimwambia tena, mlangoni, mbele yangu. Mkurugenzi akampungia mkono kama anayefukuza nzi. Basi Wifi akawapigia simu wale wawili wa Kiingereza, akawaambia wapumzike, malipo yao yako palepale. Walifurahi hao! Mmoja alizima simu hapohapo akarudi kulala. Mwalimu na mwenzake wakapanda kijukwaani kwao na nguo zao nyeusi. Mkurugenzi alipowaona alivimba, akamwita Wifi, naye akatoa karatasi yenye muhuri, akamwonyesha neno moja kwa kidole. Akalisoma, akarudi kwenye kiti chake. Mbele ya wajumbe asingeweza kubishana na muhuri wake mwenyewe.

Kikao kikaanza. Mjumbe wa kwanza akasimama, wa vitunguu, yule wa Kiingereza cha kwenye fomu, akaanza kuongea Kiswahili kitamu kabisa. Mgeni Rasmi akavaa hedifoni, akaweka chaneli ya tatu. Chaneli isiyo na mkalimani hupitisha sauti ya ukumbini, kwa hiyo mzee alikuwa anasikia Kiswahili kwa masikio, na Kiswahili kwa hedifoni, na haelewi kote kuwili. Akazungusha. Kifaransa. Akazungusha tena. Akaivua, akaitikisa, akaitazama kwa ndani. Wasaidizi wake wakageuka nyuma kutazama kibanda cha Kiingereza: taa imezimwa, viti vitupu.

Wifi alikuwa ameshafika mbele kabla mzee hajauliza. Akainama kwa Mkurugenzi. Mimi nilimfuata na hedifoni nyingine mkononi, nikijifanya nabadilisha betri, kwa sababu mambo kama haya hayasimuliwi, yanashuhudiwa.

"Bosi," akanong'ona, "nikupe mkalimani mmoja wa kibanda cha Kiswahili aje akae hapa amnong'onezee. Anapoongea mtu Kiswahili wao hawana kazi."

Ilikuwa njia nzuri, na ningekuwa mimi nisingempa. Lakini Mgeni Rasmi alishageuka, akamuuliza Mkurugenzi jambo kwa Kiingereza, akionyesha masikio. Hilo hata mimi nililielewa. Mkurugenzi akatazama kulia, akatazama kushoto. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama mtu aliyesifia Kiingereza tangu jana. Akamfukuza Wifi kwa kiwiko.

"Wa nini?" akasema. "Mimi nipo. Nitamtafsiria mwenyewe."

Akasogeza kiti, akainama kwenye sikio la mzee, akaanza. Jamani. Mjumbe wa vitunguu alieleza kwa dakika nzima jinsi mifereji ya soko inavyorudisha maji machafu mpaka kwenye mizani. Mkurugenzi akamnong'oneza mzee maneno kama matatu. Mzee akatabasamu. Mjumbe wa Kifaransa akalalamika kwa hasira, anapiga meza, kuhusu ushuru. Mkurugenzi hakuwa na hedifoni masikioni, maana angeivaaje na amesema anajua Kifaransa? Akanong'ona. Mzee akatabasamu tena, akampungia mkono yule aliyekuwa anapiga meza. Wasaidizi wakawa wanatazamana. Mimi nilikuwa nimeng'ata kitambaa cha kichwa.

Ndipo ikaja kanuni ya vipaza sauti, na Fundi akanyoosha mkono.

Hapo kicheko kiliniisha. Alisimama, akaliweka sawa gauni lake, akageukia mahali ambapo ukumbi wote ungemwona. Mwalimu akateremka kijukwaani, akakaa safu ya mbele anamtazama, na kipaza sauti kikawa mkononi mwake, kwa sababu sasa kazi iligeuka: Fundi anaongea kwa mikono, Mwalimu anamtolea sauti kwa Kiswahili. Mwenzake akabaki juu akiwatazama wale wengine watatu. Sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo, haina mbwembwe, na ilisema "mimi" pale Fundi aliposema "mimi".

"Mimi ni fundi cherehani," ilisema. "Nina miaka kumi na minane sokoni. Siku ya uhakiki jina langu liliitwa, nikafutwa nikiwa nimekaa. Mnataka kugawa nafasi kwa kuita. Mkiita mpaka sauti ikauke, sisi hatutaitika. Hatuombi tupewe zaidi ya mtu. Tunaomba namba ziandikwe kwenye ubao, zionekane, na mtu apewe muda wa kufika mbele. Mkipitisha hii ya vipaza sauti, mmetufukuza sokoni, semeni tu hivyo, tujue."

 Yule wa samaki alikuwa anafuta macho, au ni jasho, sijui. Mimi nililia waziwazi, sioni haya. Wifi alikuwa amesimama ukutani, ameshika ile karatasi ya muhuri, ameiminya mpaka imekuwa kitambaa.

Na Mkurugenzi je? Kanuni ile ilikuwa yake, na vipaza sauti vya shemeji yake. Angemwambia mzee ukweli, mzee angeuliza maswali. Na hata angetaka kumwambia, Kiingereza cha kuusemea kilikuwa hakipo. Nilikuwa nyuma ya kiti chake kabisa. Nilimsikia akinong'ona, kwa Kiingereza cha mwendo wa kuchechemea, na mimi nilisoma mpaka darasa la mwisho, najua nilichosikia: "She is happy. She say thank you for roof. She say all good."

Mzee wa watu! Alikuwa amemwona mwanamke amesimama mbele ya mamia ya watu, mikono inakata hewa, watu wanalia, na kumbe yote hayo ni shukrani kwa paa lake. Macho yakamlengalenga. Akasimama. Akavuta kipaza sauti chake, akaongea kwa Kiingereza, pole pole, na kwa kuwa sasa msemaji alikuwa anaongea Kiingereza, kibanda cha Kiswahili kikaamka. Nikavaa ile hedifoni niliyoishika. Mkalimani wetu, yule binti mwenye sauti ya redio, alikuwa anasema:

"Nimeguswa sana. Sijawahi kusikia maneno mazuri kama ya mama huyu. Nakubaliana naye kwa kila neno alilosema. Kama mwongozaji wa kikao, naomba hayo aliyoyasema yawe ndiyo msimamo wetu sote, na katibu ayaandike kama yalivyo."

Mkurugenzi, bila hedifoni, alisikia tu sauti ya mzee ikipanda kwa furaha. Akajua ni shukrani. Akaanza kupiga makofi. Alikuwa wa kwanza ukumbini.

Kisha ukumbi ukalipuka. Watu wakasimama, wa samaki akapanda kiti, wa Kifaransa nao wakapiga meza, safari hii kwa raha. Katibu, mwanamume makini asiyependa utani, akaandika, kisha akasimama akasoma alichoandika: kanuni ya kuita kwa vipaza sauti imeondolewa, nafasi zitagawiwa kwa namba zitakazoandikwa ubaoni, kila mwenye namba atapewa muda wa kufika mbele. Wanaoafiki? Mikono ikapaa ukumbi mzima. Mgeni Rasmi, aliyeona mikono, akanyoosha na wake.

Makofi ya Mkurugenzi yakasimama katikati. Alibaki ameshika viganja mbele ya kifua. Rangi ilimtoka kuanzia masikioni. Akamgeukia mzee, akamgeukia katibu, akafungua mdomo, na hapo nikaona akipiga hesabu, ya kwanza ya kweli tangu tumjue. Aseme mzee hakuelewa? Nani alikuwa anamwelewesha? Aseme mama hakusema hivyo? Ukumbi mzima ulimsikia, kwa lugha mbili na mikono.

Wifi akatoka ukutani. Alitembea kwa heshima zote, akasimama mbele ya meza kuu, akasogeza kipaza sauti cha Mkurugenzi, ambacho taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, na kwa ile sauti ya kukunja nguo akauliza:

"Samahani bosi. Kuna tatizo lolote la ukalimani?"

Ukumbi wote ukamgeukia. Kibanda cha Kiswahili kilisubiri, kibanda cha Kifaransa kilisubiri, na kule mbele Mwalimu, aliyesharudi kijukwaani, alikuwa ameinua mikono, anangoja neno lake apate kulifikisha. Fundi alikuwa anaitazama mikono hiyo bila kupepesa.

Mkurugenzi alimeza mate. Kipaza sauti kilinasa hata hilo.

"Hakuna tatizo," akasema. "Nimetafsiri mwenyewe."

Mwalimu akaisema kwa mikono, neno kwa neno, na Fundi akakaa chini, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika, analia na kucheka kwa pamoja.